Ute Mweupe Kabla ya Hedhi ya Kwanza, na Binti wa Miaka 16 Ambaye Bado Hajavunja Ungo

(Muziki wa kipindi, sekunde 15, kisha sauti ishuke.)

MTANGAZAJI: Karibu katika kipindi chetu cha afya ya familia. Tunawasalimu nyote mnaotusikiliza kambini na vijijini, nyinyi mliotoka Kongo, Burundi na kwingineko, pamoja na wenyeji waliowapokea. Na wewe unayesoma nakala hii iliyochapwa, labda ukiisomea kikundi chako cha wasikilizaji chini ya mwembe, karibu pia. Soma polepole, simama mahali penye swali, kisha endelea.

Leo tunazungumza na akina mama, shangazi, dada wakubwa na walezi wa mabinti. Akina baba nao wabaki, maana mara nyingi ninyi ndio mnaotoa nauli ya kwenda hospitali. Tutaeleza mambo mawili ambayo watu huyatazama mbalimbali, kumbe yanahusiana. La kwanza ni ute mweupe unaoonekana kwenye chupi ya msichana ambaye bado hajaona hedhi. La pili ni binti aliyefika miaka 16 na hedhi haijaja. Ukilielewa la kwanza, litakusaidia kulitambua la pili.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tuanze na ute. Mama anafua nguo za binti yake wa miaka 11 au 12. Kwenye chupi anaona alama nyeupe, au ya njano kidogo pale ilipokauka. Moyo unamruka. Wengine hufikiri ni ugonjwa wa zinaa. Wengine humkalisha mtoto chini na kumuuliza amelala na nani. Mtoto hana jibu kwa sababu hakuna kilichotokea, na tangu siku hiyo anaficha nguo zake.

Hiki ndicho kinachotokea mwilini. Matiti ya msichana huanza kuota kwa kawaida kati ya miaka 8 na 13. Huota kwa sababu ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai vilivyo kando ya mfuko wa kizazi, vimeanza kutoa homoni inayoitwa estrojeni. Homoni hiyo haifanyi kazi kwenye matiti tu. Inanenepesha ngozi ya ndani ya uke, ambayo kwa mtoto mdogo ni nyembamba sana. Inaamsha pia tezi zilizo kwenye mlango wa kizazi, nazo zinaanza kutoa ute. Ute huo ukichanganyika na ngozi laini inayobanduka ndani ya uke, hutoka nje ukiwa mweupe au usio na rangi.

Wakati huohuo bakteria wazuri wanakaa ukeni na kutengeneza asidi kidogo, ambayo huzuia vijidudu vibaya visikae. Kwa hiyo ute huu ni ulinzi. Ndiyo maana binti hatakiwi kuosha ndani ya uke kwa sabuni, dawa ya meno, ndimu au majani. Akifanya hivyo anawafukuza walinzi wake mwenyewe, na hapo ndipo kuwashwa na harufu mbaya huanza kweli. Aoshe nje tu, kwa maji safi, na abadilishe chupi kila siku ikiwezekana.

Ute huu kwa kawaida huanza miezi 6 hadi 12 kabla ya hedhi ya kwanza. Kwa hiyo mama ukiuona, mwili unakuambia kwamba damu iko njiani. Huo ndio wakati wa kumwandaa mtoto: kumweleza hedhi ni nini, kumwonyesha jinsi ya kukunja kitambaa au kutumia pedi, na kumwekea vitambaa visafi kwenye mkoba wa shule. Mweleze pia jambo moja ambalo wengi hawalijui. Yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya damu ya kwanza kuonekana. Maana yake ni kwamba msichana anaweza kupata mimba hata kama hajawahi kuona hedhi.

(Mlio wa kengele, mara moja.)

MTANGAZAJI: Sasa utajuaje kama ute ni wa kawaida? Ute wa kawaida ni mweupe kama maziwa au hauna rangi. Hauna harufu mbaya. Hauwashi wala hauchomi wakati wa kukojoa. Ni kidogo, kwa siku haufiki kijiko kimoja cha chai, ingawa siku nyingine huongezeka na siku nyingine hupungua.

Mpeleke kituo cha afya ukiona ute wa kijani, wa njano iliyokolea au wenye damu. Mpeleke ukiona ute mzito kama maziwa yaliyoganda unaokuja na kuwashwa, au harufu inayofanana na samaki aliyeoza. Mpeleke akiwa na homa au maumivu ya tumbo la chini. Mpeleke pia kama ni mtoto mdogo ambaye matiti hayajaanza kuota, kwa sababu huyo estrojeni yake bado haijaanza kazi, na ute unaotoka una sababu nyingine inayopaswa kutafutwa.

Kwa kambini tuseme na hili wazi. Ute mweupe peke yake si ushahidi kwamba msichana ameingiliwa. Lakini ukiwa na wasiwasi kwamba amebakwa, usisubiri ute ubadilike ndipo uamini. Zungumza naye faraghani, bila kumtisha, na mwende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inapaswa kuanza ndani ya saa 72, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120. Mapema ni bora zaidi kwa dawa zote mbili.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tumefika kwenye jambo la pili. Wenzake wote wamevunja ungo, yeye amefika miaka 16 na bado. Je, ni kusubiri au ni kwenda hospitali?

Jibu ni kwenda. Kwa kweli wataalamu wa afya leo hawasubiri hadi 16. Msichana ambaye matiti yameshaota anapaswa kuonwa akifika miaka 15 bila hedhi. Na ambaye amefika miaka 13 bila dalili yoyote ya matiti, huyo asisubiri hata hiyo 15.

Lakini najua kuna mlezi anayeuliza: nitajuaje umri wake? Vyeti vilibaki nyumbani tulipokimbia, na mtoto mwenyewe niliachiwa na ndugu. Kuna njia nyingine isiyohitaji cheti. Hesabu tangu matiti yalipoanza kuota, yaani pale kauvimbe kadogo kanakouma kalipotokea chini ya chuchu. Kwa kawaida hedhi huja miaka miwili hadi mitatu baada ya hapo. Ikipita miaka mitatu na damu haijaja, huo ni wakati wa kumwona mtaalamu, hata kama hujui alizaliwa mwaka gani.

Kabla hamjatoka nyumbani, muulize binti maswali matatu, wewe na yeye tu. Swali la kwanza: matiti yalianza kuota lini? La pili: umewahi kuona ute mweupe kwenye chupi? La tatu: je, tumbo la chini linakuuma kila mwezi, linaacha, kisha linarudi?

Sasa ona jinsi ule ute tuliouzungumzia unavyosaidia hapa.

Kama matiti hayajaota na ute haujawahi kuonekana, estrojeni haijafanya kazi. Huenda mwili wake umechelewa tu, hasa ikiwa mama au shangazi zake nao walichelewa. Huenda mwili hauna chakula cha kutosha. Mwili wenye njaa huahirisha uzazi, na mgao unapopungua mabinti wembamba huchelewa. Magonjwa ya muda mrefu kama selimundu, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI visivyotibiwa nayo huchelewesha. Kwa wachache, ovari zenyewe hazikukua vizuri tangu tumboni mwa mama. Baadhi ya hao huwa wafupi kuliko ndugu zao wote, na kuna homoni za kuwasaidia.

Kama matiti yameota na ute amekuwa akiuona, hiyo ni habari ya kutia moyo. Homoni inafanya kazi. Mara nyingi hedhi iko karibu, au imezuiwa na kukonda, kazi nzito yenye chakula kidogo, au hofu na huzuni kubwa ya ukimbizi. Inawezekana pia kwamba ana mimba, kwa sababu ile tuliyoisema ya yai kutangulia damu. Ndiyo maana kipimo cha mkojo cha mimba hufanywa kwa kila binti wa namna hii. Asikasirike akiambiwa, na wewe mlezi usikasirike.

Hali ya tatu ndiyo watu wengi hawaijui. Matiti yameota vizuri, lakini binti hajawahi kuona ute hata tone. Hapo jiulize: je, kuna kitu kimezuia njia?

(Muziki mfupi. Sauti ipande polepole.)

MTANGAZAJI: Tuchukue mfano, tuufuate hatua kwa hatua. Binti ana miaka 16, anaishi kambini na mama yake mkubwa. Matiti yalianza kuota akiwa na miaka 12, na nywele za siri nazo zimeota. Anakula kama wenzake na hajakonda. Ute hajawahi kuuona. Tangu mwaka jana tumbo la chini linamuuma siku tatu au nne, kisha linaacha. Baada ya wiki nne linarudi, na kila mara linazidi kidogo. Mwanzoni alipewa dawa ya minyoo. Mara ya pili akapewa dawa ya maambukizi ya mkojo. Sasa mgongo unauma, choo kinakuwa kigumu, mkojo unatoka kwa shida, na chini ya kitovu kuna uvimbe. Majirani wameanza kunong'ona kwamba ana mimba.

Mama mkubwa, badala ya kusikiliza majirani, anaandika kwenye karatasi tarehe za maumivu kwa miezi mitatu. Karatasi hiyo inaonyesha wazi kwamba maumivu yanakuja kwa mpangilio wa mwezi. Anaipeleka kituo cha afya.

Mhudumu anaanza na kipimo cha mimba, nacho kinaonyesha hana. Anampima uzito na urefu. Kisha, mama mkubwa akiwepo na binti akiwa amekubali, anatazama sehemu za siri kwa nje tu. Haingizi kidole wala chombo chochote, kwa sababu hakuna haja. Akiachanisha midomo ya uke taratibu anaona ngozi iliyotuna, yenye rangi ya bluu nzito, pale ambapo tundu la uke lingekuwa.

Maelezo yake ni haya. Kizinda cha kawaida kina tundu, na ndimo hupita ute na damu ya mwezi. Kwa wasichana wachache sana tundu hilo halikufunguka tangu kuzaliwa. Binti wetu amekuwa akipata hedhi kila mwezi kama wenzake, ila damu haina pa kutokea. Inajikusanya ukeni na kuupanua kama mfuko, na mfuko huo ndio unaobana njia ya mkojo na choo. Ndiyo ule uvimbe ambao majirani waliuita mimba. Hata ute wake haukuonekana kwa sababu hiyohiyo.

Kituo cha afya kinampa rufaa kwenda hospitali yenye kipimo cha ultrasaundi. Kipimo hicho hufanywa juu ya tumbo, hakiumi, na kinaonyesha damu ilipo. Kinaonyesha pia kama mfuko wa kizazi upo na kama kizuizi kiko mlangoni au juu zaidi ndani. Hili ni muhimu, maana kizuizi cha juu kinahitaji upasuaji mgumu zaidi.

Kwa binti wetu kizuizi kiko mlangoni. Daktari anampa dawa ya usingizi au ya ganzi, anapasua ile ngozi na kuondoa sehemu yake ndogo ili tundu lisijifunge tena. Damu nzito ya rangi ya kahawia inatoka, na maumivu yanapungua haraka. Anaweza kuendelea kutokwa na damu hiyo kwa siku kadhaa. Akipata homa, harufu mbaya au maumivu makali baada ya hapo, anarudi hospitali mara moja. Hedhi zake zijazo zitatoka kama za wengine, na wengi wao huzaa bila shida.

(Mlio wa kengele, mara mbili.)

MTANGAZAJI: Hapa kuna mambo matatu ambayo yanaharibu.

La kwanza ni kutoboa nyumbani kwa wembe au sindano. Tundu dogo hujifunga tena, lakini kabla ya kujifunga huingiza vijidudu kwenye damu iliyolala. Maambukizi hayo yanaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kumfanya asizae, au kumuua.

La pili ni dawa ya kuteremsha hedhi, iwe vidonge vya dukani au mizizi ya mganga. Ikiwa njia imeziba, damu yoyote itakayotengenezwa itaongezeka kwenye ile iliyokwisha kujikusanya. Ikiwa binti ana mimba, nalo ni tatizo lingine. Dawa ya hedhi hutolewa baada ya sababu kujulikana.

La tatu ni hofu ya ubikira. Familia nyingine hukataa upasuaji wakisema mume atasema binti aliguswa. Mwombe daktari aeleze mbele ya wazazi na, mkitaka, aandike barua inayosema kwamba msichana alizaliwa na njia iliyoziba na ilifunguliwa hospitalini. Kufunguliwa njia ya hedhi si kulala na mwanamume. Na binti ambaye mkojo umeziba kabisa asingoje kikao cha ukoo. Huyo ni wa dharura, apelekwe usiku huohuo.

Kuna pia wale ambao njia iliziba si tangu kuzaliwa bali kwa ukeketaji, kovu likaunganisha midomo ya uke. Mhudumu atalitambua kwa kutazama, nao pia wanatibika hospitalini.

Na kuna hali moja inayofanana na hii kwa macho, lakini haina maumivu ya mwezi. Matiti yapo, nywele zipo, hedhi haiji, na tumbo haliumi. Kati ya hao wamo wasichana waliozaliwa bila mfuko wa kizazi. Inatokea kwa msichana mmoja hivi katika kila 5,000. Ovari zao ni nzima, ndiyo maana matiti yaliota. Ultrasaundi huonyesha hali hiyo. Hakuna dawa itakayoleta hedhi kwake, na yeyote anayemuuzia dawa hiyo anamdanganya. Ni mwanamke kamili, anaweza kuolewa na kulea watoto, lakini mimba haitakaa tumboni mwake. Ni habari nzito kwa msichana wa miaka 16. Aambiwe na daktari, mtu anayempenda akiwa kando yake, na aambiwe yeye kwanza kabla ya majirani.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Msikilizaji, ukienda kituo cha afya beba vitu viwili. Kimoja ni karatasi ya tarehe za maumivu, kama ile ya mama mkubwa. Kingine ni majibu ya yale maswali matatu: matiti, ute, na tumbo la kila mwezi. Ukiambiwa tu "nenda nyumbani, itakuja", uliza kwa heshima: je, mmempima mimba, na je, mmetazama kama njia iko wazi? Kama kituo hakina wa kutazama, omba karatasi ya rufaa. Kambini muulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako utaratibu wa usafiri wa wagonjwa wa rufaa, kwa kuwa kila kambi ina siku zake.

Na kama bado hujafika huko, kama kwako ni mtoto wa miaka 12 na chupi yenye alama nyeupe, isiyo na harufu wala kuwashwa, basi usimgombeze. Mpe vitambaa visafi na umweleze kinachokuja.

MASWALI YA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Kwenu, mtoto akionekana na ute mweupe watu husema nini? Baada ya kusoma nakala hii, mngemwambia nini mama yake?

2. Binti hana cheti cha kuzaliwa. Mtatumia nini kujua kama hedhi yake imechelewa?

3. Binti ana matiti, hajawahi kuona ute, na tumbo linamuuma kila mwezi. Mnashuku nini, na mtamzuia asipewe nini kabla ya kufika hospitali?

4. Baba anakataa upasuaji kwa ajili ya ubikira. Ni nani katika ukoo wenu anayeweza kuzungumza naye, na atamwambia nini?

(Muziki wa kufunga.)